Kofi la Mwisho wa Mwezi

Mimi si mtu wa mashetani. Nimesomea hesabu, nimeajiriwa kwa hesabu, na kama kuna jini aliyewahi kupita mbele yangu, basi alipita nikiwa nimeinamia jedwali na hatukusalimiana. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nilikuwa nalisubiri lile kofi.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Tunatunza mfuko wa wauguzi na wakunga wastaafu: wao wanaacha viinua mgongo vyao kwetu, sisi tunaviweka mahali vikue. Vyumba ni vichache. Changu kiko karibu na mwisho wa ukumbi, na cha ndani zaidi, kilichopakana nacho kwa ukuta mmoja, kilikuwa cha shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Watu wote walimwita Breki. Hata mkewe alimwita Breki, na mbele ya watu akajidai kuona aibu.

Jina alijitafutia mwenyewe. Kazi yetu ina maswali mawili tu, na yeye aliyasema hivyo hivyo kwa kila mgeni, mpaka mhudumu wa chai akayajua kwa moyo. Swali la kwanza: katika mafungu matatu tunayoyafuata, yaani hisa za ndani, hisa za nje na majengo, lipi limewapita wenzake kwa miezi kumi na miwili iliyopita, ukihesabu bei pamoja na gawio? Hilo tunaliita mshindi. Swali la pili: je, huyo mshindi mwenyewe amepata zaidi ya ambacho tungepata kwa kukaa kimya kwenye dhamana za hazina za muda mfupi, yaani kuikopesha serikali? Akiwa amezidi, mfuko wote unamfuata yeye. Akiwa hajazidi, tunauza kila kitu na kukaa taslimu, na taslimu yetu ndiyo hizo hizo dhamana. Mwezi unaofuata tunauliza upya.

"Swali la kwanza ni mafuta," alikuwa akisema. "La pili ni breki. Unaweza kuwa wa kwanza darasani na alama zako ishirini kwa mia, shemeji. Wewe unalijua hilo vizuri."

"Mimi nilikuwa wa pili," nilikuwa namjibu. "Wa kwanza alikuwa dada, na tazama alivyoishia kuolewa na nani."

Basi ndiyo tulivyoishi. Kanuni ya mfuko inataka watu wawili wakokotoe, kila mmoja peke yake na jedwali lake, asione la mwenzake. Wakikubaliana, oda inaenda kwa dalali wa soko. Wakitofautiana na wasipatane, mfuko unaenda taslimu mpaka wapatane. Zamani simu za ndani zilipokuwa mbovu, mimi na Breki tulianza kupeana majibu kwa kugonga ukuta. Kugonga mara moja ni hisa za ndani, mara mbili ni za nje, mara tatu ni majengo. Taslimu haikugongwa. Taslimu ilikuwa kofi, kiganja kizima kilichofunguliwa, paa! Simu zilitengenezwa, mkurugenzi akaja mwingine, sisi tuliendelea na ukuta wetu kama watoto. Mimi nagonga kwanza, yeye anajibu.

Halafu kiharusi kikamwangusha. Alilala hospitali hawezi kusema, upande mmoja umekufa, na dada yangu, muuguzi mstaafu aliyeuguza watu maisha yake yote, akamuuguza na huyo. Hakutoka. Tulimzika, dada akarudi kwenye ile nyumba ya kupanga ghorofani walikoishi tangu waoane, na mimi nikarudi kazini kwenye ukuta usio na mtu.

Mkurugenzi ni mtu wa tabasamu. Simsemi vibaya, ndivyo alivyo. Hata barua ya kumfukuza mtu angeitoa na tabasamu. Alifunga chumba cha Breki, akasema kitakuwa stoo, na akanitaka niunganishe majedwali mawili yawe moja ili yeye awe wa pili wa kusaini. Nikaunganisha. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilikokotoa, jibu likawa hisa za nje, na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukagonga ukuta mara mbili. Ukuta ukarudisha mara mbili.

Nilijiambia ni mwangwi. Chumba kimehamishwa vitu, chumba kitupu hurudisha sauti, hata mtoto anajua. Mwezi wa pili nikagonga mbili, zikarudi mbili. Sikumwambia mtu. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo, na nikajionea huruma kwa kufurahi.

Mwezi wa tatu ndio wenye mambo. Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani, redio ya duka la chini inapiga kelele. Nilipanga mafungu: hisa za nje bado mbele, zimepata asilimia sita kwa mwaka, wengine nyuma yao. Swali la pili, jedwali likaniandikia kwa rangi ya kijani: Imepita. Nikagonga mbili.

Ukuta ukapigwa kofi.

Haikuwa kelele ya bomba, wala mlango. Kiganja. Kalenda iliyotundikwa upande wangu ilicheza. Redio ya chini iliendelea na tangazo lake la sabuni. Nilikaa nimeshikilia meza. Kisha nikafanya jambo la kijinga ambalo kila mtu angelifanya: nikagonga tena mara mbili, polepole, kama ninayemwambia mtu "hujasikia vizuri."

Paa!

Niliinuka nikaenda kwa mlinzi, nikachukua ufunguo nikimwambia natafuta karatasi za mashine ya kuchapia. Nikafungua chumba cha Breki. Harufu ya vumbi na chuma. Makabati ya mafaili yalikuwa yamepangwa kwenye ukuta wetu, kuanzia kona mpaka kona, yameshika ukuta kiasi kwamba karatasi isingepita nyuma yake, na juu ya makabati maboksi yamefika dari. Hakukuwa na mahali pa kiganja. Mtu angetaka kuupiga ukuta ule angelazimika kuwa ndani ya ukuta.

Nilifunga mlango taratibu, kama unavyomfungia mgonjwa aliyepata usingizi. Nilirudi kwenye kiti changu, nikakisogeza mbali na ukuta.

Lakini hofu nayo ina mazoea yake, na mazoea yangu ni hesabu. Breki akijibu kofi pale nilipogonga mbili, maana yake haikuwa kwamba nimekosea mshindi. Angetaka mshindi mwingine angegonga mara moja au mara tatu. Kofi ni swali la pili. Nikalitazama lile neno la kijani, Imepita, nikajiuliza kitu ambacho nilikuwa sijajiuliza tangu azikwe: imepita nini?

Nikafuata hesabu kinyumenyume mpaka kwenye kisanduku inakotoka. Safu ya dhamana za hazina. Kisanduku cha mwezi ule kilikuwa kitupu. Cha mwezi uliopita, kitupu. Cha mwezi wa kwanza baada ya msiba, kitupu. Bei za mafungu zinaingia zenyewe kwenye jedwali, lakini ile faida ya dhamana mtu aliisoma kwenye tangazo la mnada wa hazina na kuiandika kwa mkono, na mtu huyo alikuwa shemeji yangu, tena aliiandika kwenye majedwali yote mawili kabla hatujajifungia. Ndicho kitu pekee tulichoshirikiana. Hakuna aliyemrithi kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ni kazi. Na jedwali, kama mnavyojua wenye kuyatumia, halina adabu ya kuuliza. Likikuta kisanduku kitupu linahesabu sifuri. Miezi mitatu nilikuwa namlinganisha mshindi na sifuri, na miezi miwili ya mwanzo haikudhuru kwa kuwa hisa za nje zilikuwa juu sana. Sasa zilikuwa kwenye sita.

Nikalitafuta tangazo la mnada. Dhamana zilikuwa zinalipa kumi na moja. Nikaandika kumi na moja pale palipokuwa patupu, na neno la kijani likageuka jekundu: Taslimu.

Nilipiga ukuta kofi. Hapakurudi kitu. Kimya tu, na kimya kile kilinitisha kuliko kofi lenyewe, maana kilikuwa kimya cha mtu aliyeridhika na kuondoka.

Mkurugenzi alinisikiliza kuhusu kisanduku (la ukuta nililimeza) na tabasamu lake halikupungua hata kidogo.

"Kazi nzuri. Sasa tuseme hukukiona."

"Nimekiona, bosi."

"Mkutano wa wanachama ni mwezi ujao. Unataka nisimame mbele ya wauguzi mia ngapi sijui, soko linapanda, niwaambie nimewaweka pembeni wakae wanatazama? Mara ya mwisho hilo swali lenu la pili lilitutoa, soko likapanda, tukarudi kununua kwa bei ya juu zaidi. Walinizomea. Ulikuwepo."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo linalouma kuhusu breki. Mara nyingine unazikanyaga barabarani hakuna ng'ombe, na walio nyuma wanakupigia honi.

"Acha kisanduku kama kilivyokuwa," akasema. "Mkutano ukipita, kijaze. Nani atajua?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka dada. Mwenye nyumba yao alikuwa ameamua kuuza, na kwa heshima ya miaka yote ile akampa mjane nafasi ya kwanza ya kuinunua mpaka mwisho wa robo mwaka. Kiinua mgongo cha dada kilikuwa kwetu, na kilikuwa kinatosha, ila kinatosha kwa kubana kabisa. Soko likiteleza kabla hajalipwa, nyumba inaenda kwa mtu mwingine, na yeye anatoka na godoro lake na picha ya marehemu. Ninakiri nilimfikiria yeye kabla ya wanachama wote wengine. Damu nzito kuliko maji.

"Mimi nimekokotoa taslimu," nikasema. "Wewe ni wa pili. Ukisaini, tumekubaliana. Usiposaini, tumetofautiana, na tukitofautiana kanuni inasema taslimu."

Alitoa kalamu. Tabasamu lilibaki mdomoni, machoni likatoka.

"Breki alikufundisha vibaya," akasema, akasaini.

Tuliuza zote. Sijui kama kuna asiye wa kazi hii anayeweza kuelewa jinsi ofisi inavyokuwa mfuko ukiwa taslimu. Vioo vya kompyuta vinaendelea kuwaka, namba zinaendelea kukimbia, na hakuna hata moja inayokuhusu. Unakaa kama mtu aliyeshushwa kwenye gari akabaki anatazama taa zake. Na soko, kwa ukorofi wake, likapanda. Lilipanda wiki baada ya wiki. Kwenye mkutano mama mmoja mkunga, ana sauti ya kuamsha wodi nzima, alisimama akauliza kama ofisi imelala au imekufa. Ukumbi ulicheka. Mkurugenzi alininyooshea mkono, kwa adabu kabisa, ili wajue wa kumcheka.

Dada alinipigia jioni ile ile.

"Mdogo wangu, wenzangu wananiuliza umetuweka kwenye friji kwa sababu gani."

"Kitu kikikaa kwenye friji hakiozi, dada."

"Usinifanyie utani wa Breki. Nyumba yangu iko humo."

"Najua iko humo. Ndiyo maana."

Akakata simu. Dada yangu hakati simu, hata kwa watu wanaouza bima.

Mwisho wa mwezi uliofuata nilisoma tangazo la mnada mwenyewe, nikaandika kwa mkono mwenyewe, nikamwita mkurugenzi aandike kwenye jedwali lake, maana majedwali nilikwisha kuyatenganisha tena. Hisa za nje zilikuwa zimepanda, lakini kwa mwaka mzima bado zilikuwa chini ya dhamana. Taslimu. Niliporudi chumbani niliegemea ukuta, nikaweka sikio. Nilitaka jambo lolote. Nilimtukana kwa sauti ya chini: shemeji gani wewe, unamtia mtu kwenye moto kisha unanyamaza? Ukuta ulikuwa baridi, na nyuma yake makabati yalilia kidogo, kama chuma kinavyolia jua likiondoka. Nikapiga kofi. Nikangoja mpaka mhudumu wa chai akafungua mlango, akaniona nimekumbatia ukuta, akafunga bila kuweka chai.

Kisha soko likaanguka. Halikuteleza, lilianguka, hisa za nje kwanza, za ndani zikazifuata, majengo nayo yakaporomoka. Sitawapa namba, waliokuwemo wanazijua na wasiokuwemo haziwasaidii. Nakumbuka tu mkurugenzi amesimama mlangoni kwangu asubuhi moja, anatazama kioo cha kompyuta yangu, hana tabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona mdomo wake ulivyo.

"Sisi tuko wapi?" akauliza, ingawa alijua.

"Pembeni," nikasema. "Tunatazama."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, akauangalia ukuta wangu. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, kama na mimi huwa nasikia watu wakifanya kazi mle stoo. Nikamwambia nyumba hii ni ya zamani. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Dada alilipwa chake chote siku ile ile kilipostahili kulipwa, na faida ya dhamana juu yake. Alisaini karatasi za nyumba na mwenye nyumba akamkabidhi hati palepale sebuleni. Mgeni alipotoka tulibaki wawili. Dada alipita vyumbani akigusa fremu za milango kana kwamba ndiyo kwanza anahamia. Kisha akaketi karibu na dirisha, kwenye kochi la Breki, ambalo hakuna aliyelikalia tangu msiba.

"Nilikufokea," akasema.

"Hukunifokea. Ulikata simu."

"Ni kitu kile kile." Akanigeukia. "Kilichokufanya ukiangalie hicho kisanduku ni nini? Mkurugenzi wako ameniambia kwamba uligundua ghafla tu. Wewe hugundui kitu ghafla. Nakujua tangu unanyonya."

Nikamwambia. La ukuta, la kugonga na kofi, la makabati, yote. Nilitarajia anicheke au aniombee. Hakufanya lolote kati ya hayo. Uso wake ulibadilika taratibu, ukawa wa kijivu.

"Kofi ni nini?" akauliza. "Sema tena. Kofi maana yake nini?"

"Taslimu. Dhamana za hazina. Ni ishara yetu tu, dada, mambo ya ofisini."

"Kule hospitali," akasema. "Siku zile za mwisho. Hakuweza kusema, lakini mkono mmoja ulikuwa na nguvu. Akawa anapiga ukingo wa kitanda. Hivi." Akafungua kiganja hewani. "Mchana kutwa. Ananitazama mimi na anapiga. Nikampa maji, hataki. Nikamgeuza, hataki. Niliuguza watu miaka yote ile, nikasema ni maumivu, ni ubongo unaoruka. Kilikuwa kinamchubuka kile kiganja, mdogo wangu. Nikamshika mkono. Niliukandamiza chini ya shuka ili asijiumize, na nikaushikilia mpaka mwisho."

Nilikitazama kiganja chake. Nilikuwa naye miezi yote hiyo nikidhani siri ya ukuta ni yangu, kumbe ilianzia kwake. Marehemu alikuwa anauliza kitu kimoja tu: nani ataandika ile safu ya dhamana? Na sisi wawili, tuliompenda kuliko watu wote, mmoja hakuwepo na mwingine alimfunga mkono.

Dada aliinuka, akausogelea ukuta wa sebule. Ukuta ule ni wa mwisho wa jengo, ghorofa ya nne, na upande wake wa pili hakuna chumba wala kibaraza, ni hewa tupu mpaka chini barabarani. Aliuwekea kiganja chake kwanza, kama anayepima homa. Kisha akaupiga kofi moja.

Tulisikia gari likipita chini. Tulisikia jirani akifunga bomba.

Paa!

Picha ya marehemu ikacheza kwenye msumari wake. Kisha tena, paa, na tena, bila haraka, kama mtu aliyepata nafasi ya kumaliza alichokuwa anakisema. Nilinyoosha mkono kumvuta dada atoke pale ukutani. Akautoa mkono wangu begani mwake kwa upole.

"Mwache," akasema, huku machozi yakimtiririka. "Safari hii mwache apige."